Namna ya Kutangaza Apu Mpya ya Klabu Ili Pasilipe Mtu

Katibu mwenzangu, pole na hongera. Kamati imekaa, soda zimenywewa, na azimio limepita bila kupingwa: kuanzia mwezi ujao usajili na ada za klabu vinahamia kwenye apu ya simu iliyotengenezwa na kijana wa Mwenyekiti. Wewe umeachiwa kazi moja tu, kuandika tangazo fupi kwa wanachama. Tuseme klabu yenu ni ya mchakamchaka, ya mtaani Dar es Salaam, yenye wanachama 120 wanaokutana Jumapili alfajiri, ada shilingi 5,000 kwa mwezi. Kazi ni nyepesi mno, na hapo ndipo pana hatari. Usipokuwa makini unaweza kuandika maneno ishirini yakaeleweka, watu wakalipa, na ikifika tarehe 5 Mweka Hazina akajua nani kalipa na nani bado. Sasa kikao kijacho mtajadili nini? Fuata maelekezo haya, na nakuhakikishia agenda haitakauka hadi mwakani.

Anza na historia. Mshukuru Mwenyezi Mungu, mshukuru Mwenyekiti, mshukuru mlezi wa klabu ambaye hajawahi kukimbia, kisha eleza tulipotoka: siku za kukimbia na fulana zisizolingana, bonanza la kwanza, kombe tulilokosa kwa hila za mwamuzi. Tarehe ya kuanza kulipa kwa apu iweke aya ya nne, na kiasi cha ada aya ya sita, baada ya sentensi kuhusu dunia kuwa kijiji. Siri ya mpangilio huu iko kwenye kioo cha simu. WhatsApp hukata ujumbe mrefu katikati na kumtaka msomaji aguse ili afungue uliobaki, na mtu aliyekaa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, hatagusa. Ataona shukrani kwa Mwenyezi Mungu, ataweka mikono miwili ya "amina," atapita. Kesho yake utakuwa na "amina" themanini na hakuna aliyejua kuna apu.

Ukitaka uhakika zaidi, lichape tangazo kwenye karatasi yenye nembo, ligongwe muhuri, lisainiwe, lipigwe picha likiwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, ndipo litumwe. Picha ina faida nyingi. Haiwezi kutafutwa kwa neno baadaye, namba iliyomo hainakiliki kirahisi, na mwenye kitochi haioni kabisa.

Ila watu wa kitochi hawakwepeki, na kwao utalazimika kutuma meseji ya kawaida. Hapa sikiliza vizuri, maana ni elimu ambayo makatibu wengi wanaiishi bila kuijua. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ikizidi hapo mtandao unaigawa vipande, na kila kipande kinabeba 153, kwa sababu herufi saba zinaliwa na maelekezo ya kuviunganisha tena kwenye simu ya mpokeaji. Kampuni ya kutuma meseji za jumla inakutoza kwa kipande. Kiswahili kina bahati hapa, hakina vijidoa juu wala chini ya irabu, kila herufi yake imo kwenye orodha ya msingi ya mtandao. Ukijibana, tangazo zima linaingia kwenye kipande kimoja. Angalia jinsi lilivyo jambo la kutisha:

"Kuanzia 1 Novemba ada ya 5,000 inalipwa kwa apu ya klabu tu. Ya Oktoba uliyolipa imeingizwa. Huna simu janja? Mwone Katibu Jumapili saa 1 asubuhi uwanjani."

Herufi 155. Lini, kiasi gani, kwa njia ipi, aliyelipa afanyeje, asiyeweza aende wapi. Wanachama 120, vipande 120. Ukilituma hivi umekwisha. Kwa hiyo mpelekee kwanza Mwenyekiti alipitie, naye, kama mwenyekiti yeyote anayejiheshimu, ataona halina ukali. Ataongeza mwishoni: "Fedha taslimu ng’o!" Herufi ishirini pamoja na nafasi, jumla 175, vipande viwili. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Mwenyekiti kaandika kwenye kompyuta, na programu ya kuandikia barua imemgeuzia kile kialama cha "ng'" kutoka kilichosimama wima kuwa kilichopinda kama mkia wa koma. Kilichosimama kimo kwenye orodha ya msingi. Kilichopinda hakimo. Kwa ajili yake peke yake ujumbe wote unahamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi, ambamo kipande kimoja hakibebi 160 tena bali 70, na ukigawanywa, kila kimoja 67. Herufi 175 kwa 67 ni vipande vitatu. Vipande 120 vimekuwa 360, na salio lililonunuliwa kwa matangazo matatu limeishia kwenye "ng'o" moja. Emoji ya kiatu cha kukimbilia ingefanya kazi ileile.

Katibu asiyeipenda klabu yake angegundua hili mapema. Angenakili ujumbe kutoka kwenye kompyuta, angeubandika mahali pa kutumia meseji, na angetazama kihesabio cha herufi kikiruka ghafla hadi vipande vitatu. Kisha angefuta kialama na kukiandika upya kwa kidole, kilichosimama. Wewe usitazame kihesabio. Bonyeza tuma.

Tukija kwenye tarehe, neno lako ni "hivi karibuni." Likikataliwa, tumia "mwanzoni mwa mwezi." Wakikubana kabisa wakitaka siku na saa, bado una silaha: andika "mwisho ni saa 6 usiku tarehe 1." Nusu ya wanachama wataelewa ni ule usiku unaoingia baada ya jua la tarehe 1 kuzama. Nusu nyingine, na hasa wazee wa pwani waliozoea kwamba siku huanza magharibi, watauhesabu usiku uliotangulia. Apu yenyewe haina mila, inajua tu kwamba tarehe 1 inaanza ikiwa 00:00, na mlango wake umefungwa huku nusu ya klabu ikiamini imebakiwa na siku nzima. Mwandishi mwoga angesema "mwisho ni Ijumaa jioni saa 12" na ubishi ungekufa kabla ya kuzaliwa.

Lakini jambo ambalo likifanywa vizuri linaweza kuua malipo yote kwa pigo moja ni sauti ya tangazo. Kila mwenye laini ya simu Tanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli: ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Watu wamefundishwa kwa machozi kutouamini. Sasa tangazo la kubadilisha njia ya malipo, ukilitazama kwa macho ya mpokeaji, ni ujumbe uleule umevaa jezi ya klabu. Linatoka kwa mtu anayedai kuwa kiongozi, linasema njia ya zamani isitumike tena, linataka hela ielekezwe mahali papya, na lina haraka. Kazi yako ni kukuza huo ufanano. Litume kutoka namba mpya ambayo hakuna anayeijua, usiku. Weka kiungo kirefu chenye herufi zisizosomeka, uwaambie waguse hapo kupakua apu. Ongeza "haraka kabla hujafutiwa uanachama." Usitaje jina litakalotokea kwenye simu mtu anapolipa, ili akifika pale ambapo simu inamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, akute jina la kampuni ya kijana wa Mwenyekiti, ambalo hajawahi kulisikia, ashtuke, afute.

Wenye busara hao ndio utakaowapoteza kwanza. Watakaobaki ni wanaobofya kila kitu, na wiki ya pili tapeli wa kweli atakapotuma tangazo linalofanana na lako neno kwa neno, likiwa na namba yake, hao nao watalipa. Sema tu si kwako.

Kuna klabu moja, sitaitaja, ilifanya tofauti kabisa, nami naitoa hapa kama onyo. Tangazo lilisomwa kwanza kwa mdomo, Jumapili, watu wakinyoosha misuli baada ya kukimbia, na Mweka Hazina yuleyule aliyekuwa akipokea ada miaka yote. Alilipa ya kwake mbele yao, akazungusha simu waone jina linalotokea, na akawaambia ujumbe wa maandishi utakuja jioni kutoka namba yake ileile, bila kiungo chochote, apu waitafute wenyewe Play Store kwa jina la klabu. Jioni ukaja. Walioutilia shaka waliuliza wenzao, na wenzao walikuwa wameona. Raha gani hiyo? Hakuna fitina hata moja.

Ukishatangaza, usiifunge njia ya zamani. Hili halihitaji juhudi. Namba ya Mweka Hazina iko kwenye simu za watu wote na wataendelea kumtumia, na uwanjani wako watakaomfinyia noti mkononi, naye kwa huruma atapokea. Acha njia zote tatu zitiririke kwa miezi miwili mitatu bila siku ya mwisho, kisha mwombe mtu azilinganishe.

Mchukue mwanachama mmoja uone utamu wake. Kwenye daftari anaitwa Mama Vitumbua, kwa sababu ndivyo mnavyomwita na ndiyo biashara yake. Kwenye apu amejisajili kwa majina matatu ya kitambulisho, ambayo hata aliyemnunulia jezi hayajui. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo malipo yanakuja na jina la tatu. Namba aliyoijaza kwenye apu inaanza na 0, iliyokuja na muamala inaanza na 255, na ile ya orodha ya zamani haina sifuri wala 255, maana ilipoingizwa kwenye jedwali la kompyuta, jedwali lilidhani namba ya simu ni hesabu na likaikata sifuri ya mbele kama isiyo na thamani. Kwa binadamu huyu ni Mama Vitumbua. Kwa apu ni watu watatu, mmoja kalipa na si mwanachama, mmoja ni mwanachama na hajalipa, wa tatu hapatikani. Naye alilipa tarehe 2, mapema kuliko Mwenyekiti.

Halafu, alipolipa, kile kidirisha cha kuweka namba ya siri kilichelewa kutokea, apu ikamwambia imeshindikana, jaribu tena. Akajaribu tena. Baada ya dakika kumi zikaja meseji mbili za muamala, zote zimefanikiwa. Mtu wa kawaida angemwambia kabla: apu ikisema imeshindikana, usirudie, subiri meseji ya mtandao wako wa simu, kwani hiyo ndiyo inayojua kama hela imetoka, na uitunze kwa sababu ya namba ya muamala iliyomo. Sentensi moja tu. Wewe huna nafasi ya sentensi hiyo, umeshaitumia kwa kombe tulilokosa.

Ungeweza pia kuzuia mkanganyiko wote kwa kumpa kila mwanachama namba yake ya kumbukumbu na kumtaka aiandike anapolipa. Namba hiyo haijali laini ni ya nani. Mwana akimlipia mama, mke akimlipia mume, hela inaangukia kwa mwenyewe. Na kama kijana wa Mwenyekiti alikuwa na akili ya kuunganisha apu na malipo ya kampuni, basi hata mwenye kitochi analipa mwenyewe: kwa mwenye M-Pesa ni kuingia *150*00#, kuchagua kulipa bili, kuweka namba ya kampuni, namba yake ya kumbukumbu, kiasi na namba ya siri. Hakuna bando, hakuna kupakua. Babu mstaafu anayewaacha vijana kila Jumapili kwenye kilima angelipa akiwa kibarazani. Kwa hiyo namba za kumbukumbu zitunze wewe, kwenye kabati.

Badala yake waambie wote wanunue simu janja. Usiliseme wazi, liache lijitokeze. Tumia maneno "pakua," "sasisha," "ingia kwa barua pepe yako," hasa hilo la barua pepe, maana mtu anaweza kuwa na simu nzuri ya kioo, anaangalia video mchana kutwa, na barua pepe yake ilifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, neno la siri likabaki dukani.

Fomu ya usajili nayo irefushe. Jina na namba ya simu havitoshi. Dai namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila, mwajiri, idadi ya watoto. Mjumbe mmoja, mwenye kusomasoma, atanyanyua mkono na kusema kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina tume yake, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awaambie ni ya nini, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Mjibu kwamba sisi ni klabu tu, tunakimbia. Akiendelea kukuuliza dini ya mtu inasaidia nini kwenye kilomita ya nane, mwambie kijana wa Mwenyekiti ndiye aliyeiweka. Yapo maswali mawili ambayo kwa wakimbiaji yana maana kweli: mtu akianguka njiani tumpigie nani, na ana ugonjwa gani wa kumwambia daktari. Hayo myasahau.

Kuhusu makato, nyamaza. Zamani Mweka Hazina alikuwa na fomula yake, "tuma elfu tano na ya kutolea," na watu walikuwa wakinung'unika lakini wanatuma. Sasa hawajui. Je, apu inaongeza makato juu ya 5,000 au inayakata ndani yake? Ikikata ndani, klabu itapokea pungufu na apu itamhesabu mtu mdeni wa shilingi mia kadhaa kila mwezi, deni linakua taratibu, na mwisho wa mwaka jina lake linatokea kwa rangi nyekundu. Mtu huyo amelipa miezi yote kumi na miwili. Atakuja kikaoni na meseji zake zote. Ndiyo maana nilikwambia agenda haitakauka.

Maswali yakianza kuingia, jibu moja linatosha: "Soma tangazo." Anayeuliza kama ya Oktoba aliyompa Mweka Hazina mkononi inahesabika, soma tangazo. Anayeuliza apu inaitwaje, soma tangazo. Usimteue mtu mmoja wa kujibu, na usitaje namba ya kupiga. Mwache Mwenyekiti aseme la kwake, Mweka Hazina la kwake, na kijana wa Mwenyekiti asipokee simu kwa kuwa yuko kwenye mtihani.

Pamoja na hayo yote, usishangae mtu mmoja akapenya. Kila klabu anaye. Atapakua, atajisajili, atalipa mara moja, kiasi sahihi, kwa siku sahihi, na jina lake litasoma "amelipa." Usimwache hivihivi, ataambukiza wengine. Mwandikie faraghani kwamba mfumo unafanyiwa maboresho, na umwombe alete nakala ya muamala iliyochapishwa, kurasa mbili, isainiwe na mjumbe wa nyumba kumi.